Maelezo ya Mambo: Hati ya Mlipakodi Mbele ya Baraza la Rufaa za Kodi

Katika sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliyounda Baraza la Rufaa za Kodi, mtu anayepinga uamuzi wa Kamishna wa kodi hutakiwa kuwasilisha hati tatu baada ya ilani yake ya rufaa, nazo ni hati ya hoja za rufaa, nakala ya uamuzi unaopingwa, na hati ambayo katika makala haya inaitwa maelezo ya mambo. Hati hii ya mwisho ndiyo inayomsumbua zaidi mtu binafsi anayejitetea bila wakili, kwa sababu jina lake linaonekana jepesi ilhali kanuni za Baraza zinaipa kazi mahususi: iyataje kwa usahihi mambo yote ambayo rufaa imejengwa juu yake, ionyeshe kwa kila jambo ni ushahidi gani utakaotolewa siku ya kusikilizwa, na ushahidi huo ukiwa wa maandishi, uambatishwe papo hapo.

Ugumu wa kulitafsiri jina la Kiingereza la hati hiyo, “statement of facts”, unatokana hasa na neno lake la mwisho. Wengi hukimbilia kusema “taarifa ya ukweli”, na tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Taarifa, kwa msikilizaji wa kawaida, ni habari ya redioni au karatasi ya benki, ingawa ni kweli kwamba Mkenya “huandikisha taarifa” kituoni huku Mtanzania “akichukuliwa maelezo”. Kasoro kubwa zaidi imo katika neno ukweli, ambalo hubeba hukumu ndani yake, kwa maana kilichoitwa ukweli kimekwisha kuaminiwa. Mbele ya Baraza hakuna kilichokwisha kuaminiwa. Anachokiweka mlipakodi mezani ni jambo, yaani kitu anachodai kwamba kilitokea au kilikuwapo, chenye tarehe, kiasi na wahusika, ambacho upande wa pili unaweza kukikana na ambacho wajumbe wa Baraza wanaweza kukikubali au kukikataa. Kwa hiyo “maelezo ya mambo” ni tafsiri nyenyekevu zaidi na iliyo sahihi zaidi. Na anayeona neno mambo ni pana mno, hata lakaribia maamkizi ya vijana, anaweza kusema “maelezo ya mambo ya rufaa” bila kupoteza kitu.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Anayedhani anaandika ukweli huandika malalamiko, kwamba yeye ni raia mwaminifu, kwamba makadirio ya kodi aliyoletewa ni ya uonevu, kwamba afisa hakumsikiliza. Naye anayejua kwamba anaandika mambo hujiuliza, kila anapomaliza sentensi, ni karatasi gani itakayoisimamisha. Kifungu cha 30 cha sheria hiyo kimeuweka mzigo wa kuthibitisha mabegani mwa mrufani, yaani mtu aliyekata rufaa: akipinga makadirio, ni juu yake kuonyesha kwamba yamezidi, wala si juu ya Kamishna kuonyesha kwamba yametosha.

Mfano wa kubuni wa mchora ramani za majengo, anayefanya kazi kwa kujitegemea katika mji mmoja wa pwani, unatosha kuonyesha namna hati hii inavyojengwa. Katika ritani yake ya mwaka 2022 alitangaza mapato ya shilingi 2,900,000. Maafisa wa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, walipoichunguza akaunti yake ya benki walikuta fedha zilizoingia mwaka huo ni shilingi 4,860,000, nao wakaihesabu tofauti ya shilingi 1,960,000 kuwa mapato yaliyofichwa. Njia hiyo ya kulinganisha fedha zilizowekwa benki na mapato yaliyotangazwa ni ya kawaida, na udhaifu wake unajulikana, kwamba benki huonyesha fedha iliyoingia bila kueleza iliingia kwa sababu gani. Pengo hilo ndilo ambalo maelezo ya mambo hupaswa kuliziba, mstari kwa mstari.

Mchoraji huyo alikuwa amepinga makadirio hayo ndani ya siku 30 kama sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inavyotaka, na pingamizi lake likakataliwa. Barua ya uamuzi ilimfikia tarehe 6 Mei 2024. Kuanzia hapo alikuwa na siku 30 za kuwasilisha ilani ya rufaa, yaani hadi tarehe 5 Juni, pamoja na ada ya shilingi 20,000 isiyorudishwa. Wengi hukosea katika hatua inayofuata, kwani siku 14 za kuwasilisha hati zile tatu huhesabiwa tangu ilani ilipowasilishwa, si tangu siku 30 zilipoisha. Ilani yake ikiingia tarehe 27 Mei, nakala yake hutakiwa kumfikia Kamishna ndani ya siku mbili, na maelezo ya mambo pamoja na viambatisho vyake vyote hutakiwa kuwa Barazani kufikia tarehe 10 Juni. Mwenye bidii ya kuwasilisha ilani mapema, kabla hajaanza kukusanya karatasi, hujifupishia muda mwenyewe. Baraza linaweza kuongeza muda likiombwa kwa maandishi, kwa sababu kama ugonjwa, kutokuwapo nchini au sababu nyingine ya maana, lakini benki kuchelewa kutoa karatasi ambazo mteja mwenyewe alichelewa kuziomba ni sababu dhaifu.

Maelezo ya mambo ya mchoraji yanapaswa kuanza na yale yasiyobishaniwa, kama vile kazi yake, mwaka unaohusika, tarehe ya makadirio, tarehe ya pingamizi na tarehe ya uamuzi. Tarehe hizi si mapambo. Kamishna ana siku 60 za kuamua pingamizi halali tangu alipolipokea, na zikipita bila uamuzi, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Hivyo risiti ya mfumo wa iTax inayoonyesha siku pingamizi lilipopokewa inaweza kuwa na uzito kuliko kurasa kumi za hesabu.

Baada ya hapo hufuata fedha zenyewe. Shilingi 900,000 zilikuwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Mrufani asiyejua kazi ya hati hii angeandika kwamba “sehemu kubwa ya fedha hizo ni mikopo, jambo ambalo Kamishna alilijua fika akalipuuza”, sentensi yenye uchungu mwingi na isiyo na jambo hata moja. Aya inayofanya kazi inasomeka hivi: “Tarehe 3 Machi 2022 akaunti ya mrufani ilipokea shilingi 900,000 kutoka chama chake cha akiba na mikopo, zikiwa ni mkopo ulioidhinishwa tarehe 24 Februari 2022. Mkataba wa mkopo ni kielelezo cha 4, ukurasa wa 19 hadi 23. Fedha hizo zinaonekana katika kielelezo cha 2, ukurasa wa 9, mstari wa tatu.” Kama Kamishna alipewa mkataba huo akaupuuza, basi hilo nalo huandikwa kama jambo, kwa kutaja siku ulipotumwa na barua pepe iliyoubeba. Kwamba kuupuuza kulikuwa kosa kisheria ni hoja, na mahali pa hoja ni hati ya hoja za rufaa, ambako huorodheshwa kwa namba na kwa ufupi bila masimulizi, kisha hutetewa katika mawasilisho ya mwisho.

Shilingi 720,000 zina kazi zaidi. Mchoraji alikuwa mweka hazina wa chama cha wenzake 12, kila mmoja akimtumia shilingi 5,000 kwa mwezi, na akaunti iliyotumika ilikuwa yake binafsi, kama ilivyo desturi ya vyama vingi visivyosajiliwa. Hapa karatasi moja haitoshi. Daftari la michango huonyesha nani alitoa nini, lakini limeandikwa na mrufani mwenyewe. Kumbukumbu za mkutano uliomchagua huonyesha wadhifa wake, lakini hazionyeshi fedha. Kinacholifunga jambo hili ni fedha kutoka. Ikiwa kila mwezi shilingi 60,000 ziliingia kwa vipande 12 na siku chache baadaye shilingi 60,000 zikatumwa kwa mwanachama wa zamu, karatasi ile ile ya benki aliyoitumia Kamishna kumkadiria ndiyo inayomtetea mrufani, na maelezo ya mambo hayana budi kuzitaja jozi hizo zote 12 katika jedwali badala ya kumwachia mjumbe wa Baraza azitafute. Mwanachama mmoja au wawili wakiandika taarifa za mashahidi na kuwa tayari kuhojiwa, jambo hilo hupata miguu miwili zaidi.

Shilingi 240,000 ni uhamisho kutoka akaunti yake ya akiba, nazo humalizwa kwa kuweka karatasi za akaunti mbili bega kwa bega. Zinabaki shilingi 100,000, zilizowekwa taslimu kwa mara tatu, ambazo mchoraji hazikumbuki wala hana karatasi yake. Ushauri wa busara ni kuzikubali, na kukubali huko kuna matokeo ya haraka: ilani ya rufaa si halali mpaka kodi isiyobishaniwa iwe imelipwa, au kuwe na makubaliano na Kamishna ya kuilipa. Kwa kiwango cha juu cha asilimia 30 kilichotumika mwaka huo, shilingi 30,000 zilipaswa kulipwa au kupangiwa malipo kabla ya tarehe 27 Mei, na risiti yake kuwa miongoni mwa viambatisho.

Kuhusu viambatisho, Kiswahili kina maneno mawili ambayo inafaa yasichanganywe. Kiambatisho ni karatasi yoyote iliyofungwa pamoja na hati. Kielelezo ni karatasi iliyopokewa, au inayotarajiwa kupokewa, iwe ushahidi wa jambo fulani. Bunda la kurasa 200 za benki ni kiambatisho tu mpaka aya fulani iutaje ukurasa na mstari. Kurasa zote hupewa namba moja mfululizo toka mwanzo hadi mwisho, orodha hutangulia mbele, na karatasi zenye maandishi yaliyofifia hupigwa chapa upya au hutafutiwa nakala safi, kwani risiti isiyosomeka haithibitishi kiasi.

Mipaka miwili hubaki hata hati ikiandikwa vizuri. Sheria ya taratibu za kodi humbana mrufani kwenye sababu alizozitaja katika pingamizi, isipokuwa Baraza limruhusu kuongeza nyingine. Kwa hiyo mchoraji ambaye pingamizi lake lilitaja mkopo peke yake atalazimika kuomba ruhusa kabla ya kuleta habari za chama. Pia karatasi inayochomekwa katika mawasilisho ya mwisho, baada ya mashahidi kuhojiwa, huwa imechelewa, kwa kuwa upande wa Kamishna haukupata nafasi ya kuihoji. Kamishna naye, akishapokea rufaa, ana siku 30 za kuleta maelezo yake ya mambo. Mrufani huyasoma kwa kalamu mkononi, akitia alama kila aya ya kwake ambayo haikujibiwa na kila kielelezo kilichokanwa. Katika kesi hii aya ya mkopo iliachwa bila jibu, ile ya uhamisho ikakubaliwa, na ubishi wote ukabaki kwenye jozi 12 za chama.