Pinatubo: Mlima Uliopoza Dunia

Tarehe 15 Juni 1991, mlima Pinatubo katika kisiwa cha Luzon, Ufilipino, ulilipuka baada ya kulala kwa karibu miaka 500. Wingu lake lilipanda kilomita 35 hivi. Wengi hudhani majivu ndiyo yaliyozuia jua. La hasha! Majivu ni mazito, na mengi yalianguka ndani ya siku chache.

Kilichopoza dunia ni gesi. Mlima ulitoa takriban tani milioni 15 za dioksidi ya salfa, zikafika stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya mawingu ya mvua. Humo gesi iligeuka polepole kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfa. Baada ya wiki tatu hivi, utando wake ulikuwa umeizunguka dunia upande wa tropiki, kisha ukaenea kuelekea ncha zote mbili. Matone hayo yalirudisha angani sehemu ya mwanga wa jua, na mwaka 1992 wastani wa joto duniani ulishuka kwa karibu nusu digrii ya Selsiasi.

Salfa inayobaki chini huoshwa na mvua upesi. Stratosfia haina mvua, hivyo matone hushuka taratibu, kwa mwaka mmoja au miwili, na joto hurejea.

Mshindo peke yake si kipimo. Mlima St. Helens wa Marekani ulilipuka kwa kishindo mwaka 1980, lakini salfa yake ilikuwa kidogo, na dunia haikupoa kwa kiasi cha kuonekana.