Pointi za kupigwa au uzima? Kutafsiri kitabu cha sheria za mchezo

"Mpiganaji wako ana pointi 12 za kupigwa." Sentensi hii ilisomwa barazani kutoka rasimu ya kitabu cha sheria za mchezo, na kijana aliyeshika karatasi ya mpiganaji akauliza amekosa nini hata apigwe mara kumi na mbili. Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa sahihi. Kiswahili kilikuwa kimempa maana iliyo kinyume cha ile ya sheria.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani, mmoja husimulia kisa, na wengine huwa wahusika ndani yake; dadu ndiyo huamua nani amefaulu na nani amekosa. Januari 2023 wenye mchezo waliachia sheria zake za msingi, zinazoitwa SRD 5.1, kwa leseni ya CC-BY-4.0. Maana yake ni kuwa mtu yeyote anaweza kuzitafsiri, na hata kuuza tafsiri yake, mradi ataje zilikotoka na aseme amezibadilisha. Leseni hiyo haimpi haki ya kuweka nembo ya mchezo kwenye jalada. Mlango wa sheria basi u wazi. Kazi iliyobaki ni ya lugha, na maneno mawili ndiyo husumbua zaidi: hiti pointi na kuldauni.

Tuanze na la kwanza. Hiti pointi ni hesabu ya madhara ambayo mhusika anaweza kuyabeba kabla hajaanguka. Ni akiba, nayo hupungua. "Pointi" katika Kiswahili chetu ni kitu cha kuchuma, kama pointi za ligi, kwa hiyo "pointi za kupigwa" humfanya msomaji adhani kila pigo linamwongezea. Wapo wanaochagua "nguvu". Hilo halifai, kwa sababu mchezo huu una sifa nyingine inayopima uwezo wa kuinua mzigo na kuvunja mlango, na hiyo ndiyo yenye haki ya kuitwa nguvu. "Maisha" nalo limeshachukuliwa na vijana wa michezo ya video, ambako kuwa na maisha matatu ni kuweza kufa mara tatu.

"Roho" ni neno tamu, na mtu sugu twasema ana roho ya paka. Linaangukia kwenye sifuri. Katika sheria hizi mhusika aliyefika 0 hajafa, amezirai tu. Kila zamu yake ikifika hutupa dadu ya nyuso 20, na 10 au zaidi ni kufaulu. Akifaulu mara tatu hali yake hutulia, akikosa mara tatu ndipo hufa. Sasa mwambie Mswahili kwamba fulani amebakiwa na roho sifuri, uone kama hatauliza maziko ni saa ngapi.

Neno linalosimama ni "uzima". Mtu mzima wa afya ni mzima, na asiye mzima ni mgonjwa au hajiwezi, si lazima awe maiti. Uzima hupungua, na uzima hurudi. Usiliongezee "pointi" wala "alama", tarakimu yatosha. Tulijaribu hivi: mpiganaji ana uzima 12. Goblini anampiga kwa upanga, madhara 5. Uzima wake unabaki 7. Mwenzake anamtibu, dadu inaleta 4, na uzima unapanda hadi 11. Ingaleta 8, angeishia 12, kwa kuwa uzima hauvuki uzima kamili. Hakuna aliyeuliza kitu. Kutoka hapo maneno mengine yalijiunda yenyewe, kama dadu za uzima na uzima wa muda. Hicho ndicho kipimo changu: neno moja likizaa wenzake bila kulazimishwa, limekaa.

Kuldauni ni kazi ngumu zaidi. Ni ule muda ambao uwezo uliokwisha kutumika hauwezi kutumika tena. Mfasiri wa haraka huandika "muda wa kupoa". Lakini kwetu Pwani anayepoa ni mgonjwa anayepata nafuu, na kijana akisikia "poa" ajua mambo ni mazuri. Ukiandika "joka lipoe zamu mbili", mmoja atalirudishia joka uzima, na mwingine atadhani joka limetulia na halina shida na mtu.

Jibu lilikuwa karibu, kwenye bao. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu inakwenda kwa mwenzake. Kulala huko si kushindwa wala kutoka mchezoni. Ni kunyamaza kwa muda. Basi uwezo uliotumika umelala, na ukiwa tayari tena umeamka. Wazee waliokuwa hawajawahi kuuona mchezo huu walilielewa hilo bila kufafanuliwa.

Lakini lina mtego. Ukiandika "umelala zamu 2" peke yake, msomaji hajui kama ni uwezo uliolala au ni yeye anayeambiwa amelala, kwani sarufi yetu inatumia "u" ile ile kwa yote mawili. Katika kitabu chenye uchawi wa usingizi, kosa hilo linaweza kumlaza mchezaji bure. Dawa ni kutaja jina kila mara: "uwezo huu umelala", "pumzi ya moto imelala". Joka lenyewe likipatwa na usingizi, andika "limesinzia", ili kulala kubaki kwa uwezo tu.

Kisha kuna hesabu. "Baada ya zamu 2" ina maana mbili: wengine huhesabu zamu uliyotumia uwezo, wengine hawaihesabu. Ugomvi mezani huanzia hapo. Andika kwa urefu: "Ukiutumia uwezo huu, hulala. Ruka zamu zako 2 zinazofuata. Zamu ya 3 umeamka."

Sheria za SRD 5.1 zenyewe hazihesabu zamu kwa majoka, hutumia dadu. Joka jekundu changa likitoa pumzi ya moto, madhara yake ni jumla ya dadu 16 za nyuso sita, wastani wa 56, na kwa mpiganaji wetu wa uzima 11 huo ni mwisho wa safari. Kisha pumzi hulala. Mwanzo wa kila zamu ya joka, msimulizi hutupa dadu moja ya nyuso sita. Ikija 5 au 6, pumzi imeamka. Tafsiri ikawa fupi kuliko nilivyotarajia: "Pumzi ya Moto (huamka kwa 5 au 6)". Huamka pia joka likipumzika, hata kwa saa moja. Usiyaite mapumziko hayo kulala. Yaite mapumziko mafupi, na yale ya saa nane mapumziko marefu.

Rasimu ya pili ilisomwa baraza lile lile. Yule kijana alitazama karatasi yake, akasema, "Uzima 11, pumzi imelala, sasa ndiyo nafasi yangu," akatupa dadu. Alikosa.