Embe Dodo, Nazi na Mvua ya Mawe: Paa Lipi Linastahimili?

Pwani tunaogopa nazi, Kericho wanaogopa mvua ya mawe. Hofu hizi mbili zimezaa mapaa tofauti, na mtu akihamisha bati la huku kwenda kule bila kujua linapigwa na nini, hujuta.

Kericho na vilima vya Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Hata hivyo, jiwe lenyewe kwa kawaida ni dogo. Punje ya barafu yenye upana wa sentimita 2 ina uzito wa gramu 4 hivi, na nguvu ya pigo lake haifiki jouli moja. Linaloumiza ni wingi: maelfu ya punje hushuka kwa dakika chache, zikachana majani ya chai kabla hazijakwaruza bati. Nazi haina wingi huo. Lakini nazi kavu yenye kumvi, tuseme kilo moja na nusu, ikidondoka mita 12 kutoka kichwani mwa mnazi hadi kwenye kipaa, inafika na jouli 176 au zaidi kidogo. Hapo pigo moja linashinda punje mia mbili, nalo lote linatua mahali pamoja.

Kati ya hizo mbili lipo embe. Embe dodo la gramu 400 likianguka mita 8 hubeba jouli 31. Tarakimu hiyo nimeipenda kwa sababu ndiyo, kwa kukadiria, nguvu ya jaribio kali kuliko yote katika kipimo cha Marekani kiitwacho UL 2218: tufe la chuma la inchi 2 huangushwa kutoka futi 20, mara mbili mahali pale pale. Kifaa kisipopasuka hupewa daraja la 4, la juu kabisa. Angalia neno hilo: kisipopasuka. Kubonyea hakuhesabiwi. Waswisi wameshika njia nyingine. Wao hupiga kwa tufe la barafu, na namba ya daraja hufuata sentimita za tufe. Tena hupima mbali suala la kuvuja na mbali suala la sura. Naona Waswisi wamemtendea haki mnunuzi zaidi, maana mwenye nyumba hupata hasara mbili zisizofanana.

Bati la chuma hubonyea. La geji 30, lenye unene wa karibu milimita 0.3, litabonyezwa na embe bichi lakini halitatoboka. La geji 28, karibu milimita 0.4, litabonyea kwa kiasi kidogo kuliko hilo. Embe bivu hupasuka lenyewe na kutawanya pigo. Mahali pa pigo pana maana kuliko geji: katikati ya papi mbili bati hunesa na kurudi, ila juu ya papi au kando ya msumari halina pa kunesa, kwa hiyo mbonyeo huwa mdogo na mkali, na tundu la msumari hutanuka. Hapo ndipo maji huingia. Bati la alumini ni laini zaidi, hubonyea upesi japo halishiki kutu.

Kigae cha udongo hakibonyei kamwe. Hustahimili kimya kimya, kisha siku moja hupata ufa. Vivyo hivyo bamba la saruji yenye nyuzi. Ufa wa kigae mara nyingi hauonekani kutoka chini. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kama bakuli, chenye ufa hutoa sauti ya kufa. Kwa bati, laza kipande cha chaki ukipitishe juu ya mgongo wake. Palipobonyea chaki itapavuka na kuacha doa tupu. Bati la plastiki la kupitishia mwanga ndilo silipendi: likiwa jipya hunesa vizuri, likishachomwa na jua kwa miaka huwa kavu, na embe moja hulivunja vipande.

Kuti la viungo lina akili yake. Majani yamekunjwa juu ya kijiti na kushonwa, kisha kuti hulalia kuti, juu ya pau zinazonesa. Pigo la nazi hupoteza nguvu safu kwa safu, kipaa chenye mteremko mkali kikaitupa chini. Huenda likachanika kuti moja, nalo huchomolewa likawekwa jipya asubuhi. Kwa moto na kwa miaka linashindwa na bati, sikatai.

Basi chini ya mnazi au mwembe mimi ningeweka bati la geji 28, papi zikaribiane, nami nimwite mkwezi kabla nazi hazijakauka. Pale Kericho hata geji 30 ingenitosha, ila bati la plastiki nisingelipandisha juu huko wala huku.