Usiku una mgonjwa kwenye gari: mlango wa dharura ni upi?

Saa nane usiku. Mama anapumua kwa shida siti ya nyuma, na mbele yako kuna majengo kibao, yote yana taa. Ukisimama mlango usio wake, utakuta mapokezi yamefungwa na utaambiwa uzunguke.

Tuchukue Muhimbili, Dar es Salaam. Hapo kosa linaweza kuanza hata kabla hujawasha gari, kwa sababu Muhimbili zipo mbili: ya Upanga na ya Mloganzila, huko upande wa Kibamba. Ukiandika `Muhimbili` tu kwenye ramani ya simu, angalia kwanza inakupeleka ipi. Halafu ongeza neno `Emergency`, maana bila hilo ramani inaweza kukuacha katikati ya eneo la hospitali.

Ukifika Upanga kuna mtego mwingine. Ndani ya eneo hilo zipo pia taasisi ya mifupa (MOI), ya moyo (JKCI) na chuo cha MUHAS, kila moja na kibao chake na milango yake. Kwa hiyo kibao kikubwa chenye taa hakitoshi. Tafuta neno "Dharura" au herufi EMD, ambayo ni idara ya dharura iliyofunguliwa mwaka 2010.

Getini shusha kioo, washa taa ya ndani ili mlinzi amwone mgonjwa, kisha sema: "Kaka, nina mgonjwa wa dharura, hapumui vizuri. EMD napita wapi?" Usianze na salamu ndefu, ataelewa.

Kibao kisipoonekana, angalia jengo lenyewe, na hii inafaa karibu hospitali yoyote kubwa. Mlango wa dharura kwa kawaida gari linafika hadi chini ya paa, hakuna ngazi, milango ni mipana, na machela na viti vya magurudumu viko hapohapo nje. Ukiona ngazi, maegesho yaliyo mbali na mlango, au orodha ya kliniki na saa zake, hapo sipo. Geuza gari. Usimshushe mgonjwa ukidhani mtakatiza kwa ndani, kwani usiku korido nyingine hufungwa, na mtu asiyepumua vizuri hawezi huo mwendo.

Ukishafika, mmoja akimbilie ndani kuomba machela, dereva abaki na mgonjwa. Kama ameumia ajalini, msimvute wenyewe, wahudumu ndio wamtoe. Akishaingia, ondoa gari chini ya paa mara moja, hata kama hamjaandikisha jina. Ambulensi inaweza kuwa nyuma yako.

Mjamzito mwenye uchungu ni habari tofauti kidogo. Hospitali nyingi kubwa zina njia ya moja kwa moja kwenda wodi ya wazazi, kwa hiyo mwambie mlinzi hilo palepale getini, kabla hujafuata kibao cha dharura.