Etiketi ya mawese: juu ya nini programu za picha zinaharibu maandishi, na namna ya kuacha nafasi safi

Katika Lubunga, upande wa kushoto wa mto Kongo, kuna watu wengi wanaotia mafuta ya mawese, karanga za kusaga au sabuni katika chupa na makopo, halafu wanavuka na mzigo kwenda kuuza Kisangani ya ng'ambo. Siku hizi wengine wanatengeneza etiketi kwa telefone: wanaandika sentensi moja katika programu ya picha, na picha inatoka. Ngazi zinang'aa, chupa inapendeza. Lakini ukisogeza macho karibu, pale pangeandikwa LUBUNGA pameandikwa LUBNUGA, na maneno madogo ya chini si lugha yoyote.

Kosa la jina linaonekana mapema. Hatari kubwa iko katika vitu vidogo. Programu inaweza kuchora tarehe ambayo hukuiomba, kipimo kisicho cha kweli, au muhuri wa ubora ambao hakuna ofisi iliyoutoa. Ukichapisha etiketi kama hiyo, umemwambia mnunuzi uongo bila kujua.

Kosa linatoka wapi?

Programu hizi zilijifunza kwa kutazama mamilioni ya picha, kila moja na maelezo mafupi. Kwao herufi ni umbo kama jani au kivuli. Zinajua kwamba juu ya chupa kuna alama nyeusi zilizopangwa kwa mistari, na zinachora kitu kinachofanana na hizo. Tena, neno unaloandika linaingia kwa vipande, si herufi moja moja. Mwaka 2022 watafiti wa Google walionyesha kwamba programu inayopewa neno herufi kwa herufi inaliandika vizuri zaidi kuliko ile inayolipokea kwa vipande.

Sababu ya pili ni udogo. Programu nyingi hazichori picha kamili moja kwa moja. Zinachora kwanza picha iliyobanwa, halafu zinaipanua. Stable Diffusion, iliyotolewa mwaka 2022, ilibana picha ya nukta 512 kwa 512 kuwa viraka 64 kwa 64. Yaani kiraka kimoja kinabeba nukta 8 kwa upana na 8 kwa urefu.

Tupige hesabu kwa etiketi yetu. Picha ya nukta 1536 kwa 1024, ikichapishwa kwa upana wa karibu sentimeta 13, ina nukta karibu 119 katika kila sentimeta. Jina lenye herufi za sentimeta 1 linapata viraka karibu 15 kwa urefu, na hapo programu inaweza kufaulu. Herufi ya milimeta 2, ile ya kuandika uzito na vilivyomo, inapata viraka 3 tu. Kwa viraka 3 huwezi kutofautisha e, a na s.

Programu zilizotoka tangu mwisho wa mwaka 2023 zimeendelea sana: neno kubwa la Kifaransa au Kiingereza mara nyingi linatoka sawa. Maneno ya Kiswahili yanakosewa zaidi, kwa sababu ni machache katika picha walizofundishwa. Na maandishi madogo bado hayaaminiki. Kwa hiyo njia nzuri ni kugawa kazi: programu ya picha ichore picha tu, na maandishi uyaweke wewe mwenyewe baadaye.

Kuomba nafasi tupu

Watu wengi wanaandika «bila maandishi», halafu wanashangaa maandishi yanakuja. Programu nyingi hazielewi vizuri neno la kukataza. Ukitaja maandishi, umeyaita. Neno «etiketi» nalo linayaita, maana karibu kila etiketi iliyotazamwa wakati wa kujifunza ilikuwa na herufi. Usitaje chupa, kopo wala etiketi. Taja kile unachotaka kionekane, hata kile kitakachokaa pale patupu: rangi gani, laini namna gani, mwanga gani.

Tuseme etiketi itakuwa na upana wa sentimeta 12 na urefu wa sentimeta 8. Kwa Kifaransa unaweza kuandika hivi:

```
Photo : des noix de palme rouges, serrées dans le tiers inférieur.
Les deux tiers supérieurs : fond crème uni, lisse, lumière égale.
Format 3:2.
```

Tumeweka ngazi chini, si pembeni, kwa sababu chupa ni mviringo. Chupa yenye kipenyo cha sentimeta 8 ina mzunguko wa karibu sentimeta 25. Etiketi ya sentimeta 12 inakaribia nusu yake. Mtu aliyesimama mbele anasoma vizuri sentimeta 6 hivi za katikati. Jina likae hapo. Vilivyomo na anwani viende pembeni, maana mnunuzi atageuza chupa.

Picha ikitoka, ikuze mara mbili na upite polepole katika ile sehemu tupu. Tafuta mikwaruzo inayofanana na herufi, hasa kwenye kona. Ukiikuta, usiombe programu iifute, kwani inaweza kuchora mingine. Chukua rangi ya sehemu iliyo karibu na uifunike kwa mstatili wa rangi hiyohiyo.

Kuweka maandishi

Inkscape ni programu ya bure ya ordinateri inayofaa kazi hii. Ndani yake herufi ni umbo la mistari, haina nukta, kwa hiyo inabaki kali hata ikiwa ndogo. Ingiza picha na uipe upana wa sentimeta 12.9 na urefu wa sentimeta 8.6, ili ibaki milimeta 3 au zaidi kila upande za kukatwa na mkasi. Usiandike kitu chochote karibu na ukingo. Acha milimeta 5 ndani ya mstari wa kukata.

Andika jina kwa rangi nzito, kahawia au nyeusi, juu ya ile rangi ya krimu. Maandishi madogo yasishuke chini ya milimeta 2. Tarehe usiichape: acha kisanduku cheupe cha sentimeta 4 kwa 1, uigonge kwa muhuri kila unapojaza chupa. Karatasi inayong'aa haishiki wino vizuri, na mafuta yanaufuta. Jaribu kwanza kwa kidole chenye mafuta.

Kabla ya kupeleka faili kwa mchapishaji, chagua maandishi na ubonyeze `Chemin > Objet en chemin`, ndipo uhifadhi kama PDF. Hapo herufi zinakuwa michoro, na ordinateri yake haiwezi kuzibadilisha kwa aina nyingine. Lakini baki na nakala ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo huwezi tena kusahihisha neno.

Mwisho, chapa nakala moja ya rangi nyeusi na nyeupe kwa ukubwa wa kweli, uibandike kwenye chupa, na umpe mtu ambaye hajaiona. Aisome kwa sauti, neno kwa neno, chupa ikiwa umbali wa mkono. Akisita mahali, ama herufi ni ndogo, ama ngazi zimepanda juu hadi chini ya maneno. Ni afadhali kusahihisha hapo kuliko baada ya etiketi mia tano.