Kipotoshi: jibu lisilo sahihi lenye sababu nyuma yake

Katika swali la kuchagua jibu, maelezo ya juu huitwa shina, na majibu yasiyo sahihi yaliyopangwa pamoja na lile sahihi huitwa vipotoshi. Jina hilo linamwonea kidogo mtunzi, kana kwamba kazi yake ni kumtega mtoto. Kipotoshi kizuri cha fizikia hakimtegi mtu. Ni jibu ambalo mwanafunzi angelitoa mwenyewe hata kama asingewekewa machaguo, kwa sababu ndivyo anavyoamini.

Chukua kivuko cha Kigongo, kilichokuwa kikivusha magari kwenda Busisi kabla daraja la J.P. Magufuli halijazinduliwa Juni 19, 2025. Wanafunzi wengi wa Misungwi, upande wa Kigongo, bado wanakumbuka jinsi kilivyodidimia kidogo lori lilipopanda. Swali linaweza kuwa hivi:

Kivuko kinaelea. Lori linapanda, kivuko kinadidimia kidogo kisha kinatulia. Sasa kani ya maji inayokisukuma juu ni:
A. sawa na uzito wa kivuko pamoja na lori
B. kubwa kuliko uzito wa kivuko pamoja na lori
C. sawa na ilivyokuwa kabla ya lori kupanda
D. ndogo kuliko ilivyokuwa kabla ya lori kupanda

Jibu ni A. Kivuko kimetulia, kwa hiyo kani ya juu na ya chini zimelingana. Kilipodidimia kilisogeza maji mengi zaidi, na kani ikaongezeka kwa kiasi cha uzito wa lori. Anayechagua B anaamini kwamba kitu hakiwezi kuelea mpaka maji yaushinde uzito wake. Wa C anaichukulia kani hiyo kuwa mali ya ziwa: maji ni yaleyale, basi na nguvu yake ni ileile. Wa D ameona kivuko kimeshuka, akahitimisha kwamba maji yamezidiwa nguvu.

Sababu hizo hazitungwi mezani. Unaanza kwa kuliuliza swali bila machaguo, unamtaka kila mmoja aandike jibu na sababu, kisha unayapanga majibu kwa makundi ya sababu zinazofanana. Jaribio maarufu la dhana za kani lililochapishwa mwaka 1992 na Hestenes, Wells na Swackhamer huko Marekani lilitokana na njia hii: jaribio lililolitangulia lilikuwa limeanza na maswali ya kujieleza, na makosa yaliyojirudia ndiyo yaliyogeuzwa kuwa machaguo. Maneno nayo yabaki ya wanafunzi. Ukiandika B kwa lugha nzito ya kitabu, yule mwenye dhana hiyo hataitambua kuwa ni yake.

Ungeweza kuliuliza swali hilo kwa tarakimu, kivuko cha tani 250 na lori la tani 30, na kuweka 280 kN kwa ajili ya aliyesahau kuzidisha tani kwa 10. Mimi nisingeweka. Hilo ni kosa la hesabu, na anayelifanya anaweza kuwa anajua vizuri kabisa kwa nini kivuko kinaelea.

Panapoharibika mara nyingi ni kwenye shina. Ondoa maneno "kisha kinatulia", na D inabaki si sahihi, lakini A nayo inaacha kuwa sahihi: wakati kivuko kinashuka, kani ya maji hailingani na uzito wote. Mwanafunzi makini ataliona hilo, na utamhesabia dhana potofu asiyokuwa nayo.

Tuseme sasa wanafunzi 40 wamejibu: A 12, B 17, C 10, D mmoja. Desturi ni kwamba kipotoshi kinachochaguliwa na chini ya asilimia 5 ya wanafunzi hakifanyi kazi, kwa hiyo D aidha inabadilishwa au inaondolewa tu. Vipotoshi viwili vya kweli ni bora kuliko vitatu ambavyo kimoja kipo kujaza nafasi. Halafu linganisha wanafunzi 11 wa juu kwa alama za jaribio zima na 11 wa chini. Ukikuta B imechaguliwa na 6 wa juu na 4 wa chini, kanuni ya kawaida inakwambia uitupe, kwani kipotoshi hutakiwa kuwavuta zaidi wa chini. Hapa nakataa, mradi shina limekaguliwa. Dhana iliyowashika hata wanaofaulu inaonyesha kwamba kuelea kulifundishwa kwa kukariri kanuni, na jaribio la uchunguzi lilitungwa ili kugundua hilo hasa. Katika mtihani wa kuchagua watakaoendelea na masomo, B ingepaswa kuondolewa.

Limebaki suala la lugha. Fizikia ya sekondari inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wa Misungwi hukiongelea kivuko kwa Kisukuma au Kiswahili. Waite wachache waliochagua B, uwaulize swali lilelile kwa mdomo, kwa Kiswahili. Anayejibu A papo hapo na kutoa sababu inayoeleweka alikwama kwenye kusoma shina, na hahesabiwi pamoja na wenye dhana ya B.