Taarifa ya malipo ya bima ya afya

Taarifa ya malipo ya bima ni karatasi, au ukurasa wa kompyuta, unaoonyesha jinsi dai moja la matibabu lilivyokwenda. Hospitali ilidai kiasi gani, bima ilikubali kiasi gani, ilikata nini na kwa sababu ipi, na mgonjwa anabaki na deni la shilingi ngapi. Kwa Wamarekani karatasi hii hutumwa nyumbani kwa mgonjwa, nayo hubeba onyo kwamba si ankara, maana wengi huikimbilia kuilipa kabla hawajaisoma. Katika Bonde la Kilombero, Tanzania, mambo ni tofauti kidogo. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, anayetibiwa Ifakara kwa kawaida haletewi taarifa ya namna hiyo. Taarifa yenye hesabu ya makato huenda hospitalini. Mwanachama anachokiona ni fomu ya madai, na anaiona mara moja tu, pale anapoombwa kuweka saini.

Kwa hiyo kusoma taarifa ya malipo Kilombero kunaanzia kwenye fomu hiyo.

Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali. Mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, nusu inakatwa kwake na nusu anatoa mwajiri. Akishachangia, mwanachama hatoi chochote dirishani kwa huduma iliyomo kwenye kitita, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko hulipia pamoja na bei zake. Kituo ndicho kinachodai. Fomu inayotumika, maarufu kama 2A/B, inabeba namba ya kadi, tarehe, ugonjwa uliogunduliwa, ada ya kumuona daktari, vipimo, dawa, siku za kulazwa kama zipo, jumla, jina na saini ya mtabibu, na chini kabisa saini ya mgonjwa anayekiri kwamba amepata huduma hizo. Siku hizi madai hupitia kompyuta, ila hoja ni ileile: mgonjwa anathibitisha kilichotendeka, kisha kituo kinadai.

Bei za kitita hazilingani kila mahali. Zahanati ya kijiji, kituo cha afya, na Hospitali ya Mtakatifu Fransis iliyo Ifakara, ambayo ni ya rufaa, haziko daraja moja, na ada ya kumuona daktari hupanda kwa ngazi ya kituo na kwa cheo cha mtabibu. Daktari wa kawaida ana bei yake, bingwa ana yake. Hapo ndipo mstari wa kwanza wa fomu huanza kuleta maneno.

Tuchukue mfano wa kutunga, wenye bei za kutunga pia, ili hesabu ionekane. Mwalimu wa Mang'ula anapanda basi hadi Ifakara akiwa na homa na maumivu wakati wa kukojoa. Hospitali ya mfano wetu, isiyo na jina, inampima, inamkuta na maambukizi ya njia ya mkojo, inampa dawa, naye anarudi nyumbani jioni. Fomu yake inasomeka hivi: kumuona daktari 15,000, vipimo vitatu, yaani malaria, picha kamili ya damu na mkojo, jumla 13,500, vidonge 20 vya siprofloksasini kwa 200 kila kimoja, 4,000, vidonge 18 vya parasetamo kwa 50, 900, dripu chupa mbili, 4,000. Jumla ya dai ni 37,400.

Fomu inafika kwa wakaguzi wa Mfuko. Wao hawana mgonjwa mbele yao, wana karatasi tu, na wanailinganisha na kitita na mwongozo wa matibabu. Ada ya 15,000 ni ya bingwa, lakini aliyesaini ni daktari wa kawaida, ambaye bei yake ni 10,000. Zinakatwa 5,000. Vipimo vitatu vinalingana na dalili zilizoandikwa, vinapita. Siprofloksasini imeandikwa kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa siku tano, ambayo ni vidonge 10, siyo 20. Zinakatwa 2,000. Parasetamo inapita. Dripu nayo inapita, kwa kuwa homa imetajwa na bei ni sahihi. Taarifa inayorudi hospitalini inaonyesha basi: kilichodaiwa 37,400, kilichokubaliwa 30,400, makato 7,000.

Nani anabeba hizo 7,000? Hospitali. Kituo kilichosajiliwa na Mfuko kimekubali bei za kitita kwa mkataba, kwa hiyo kilichokatwa ni hasara yake au ni jambo la kubishana na Mfuko, na hakipaswi kumtafuta mwalimu wa Mang'ula kumdai. Kwa mwanachama, safu ya makato haina deni ndani yake hata senti moja. Akiambiwa baadaye dirishani kwamba bima ilikata na kwa hiyo anatakiwa kujazia, ana haki ya kuuliza ni huduma ipi isiyokuwemo kwenye kitita, na akikosa jibu apeleke suala hilo ofisi ya Mfuko ya mkoa, Morogoro.

Sasa turudi kwenye dripu. Mwalimu hakuwekewa dripu. Alikaa kwenye benchi, akapimwa, akachukua dawa, akaondoka. Mkaguzi anaweza kuona bei kubwa kupita kiasi, idadi isiyolingana na dozi, dawa isiyolingana na ugonjwa, saini inayokosekana. Kitu kimoja hawezi kukiona, nacho ni kama huduma ilitolewa. Shahidi wa hilo ni mmoja tu, na ushahidi wake ni saini iliyo chini ya fomu. Mgonjwa anayesaini mapokezi fomu ikiwa bado tupu, eti ili asirudi tena kupanga foleni, ameshautoa ushahidi huo kabla jambo halijatokea. Inafanyika mno, na mara nyingi bila nia mbaya ya mtu yeyote: foleni ni ndefu, mhudumu wa dirisha la bima ni mmoja, na mgonjwa ana homa. Lakini hakuna ukaguzi wa baadaye unaoweza kuurekebisha mstari wa dripu kama mwenyewe ameukubali.

Kusoma kwenyewe hakuhitaji utaalamu. Mtu anahesabu mistari kama anavyohesabu chenji. Nilichomwa sindano? Damu ilitolewa mara ngapi? Vidonge vilivyo kwenye bahasha ni vingapi, na fomu inasema vingapi? Mwalimu wetu angefungua bahasha angekuta siprofloksasini 10, na hapo angegundua kosa la vidonge 20 mapema kuliko mkaguzi. Kilicho kigumu ni mwandiko wa daktari, na kwa huo hakuna dawa zaidi ya kumwomba mhudumu asome kwa sauti.

Dawa ina mtego wake mwingine. Ikikosekana kwenye duka la hospitali, mgonjwa hupewa fomu nyingine, 2C, aende nayo duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko mjini. Duka hilo nalo hudai kivyake. Dawa ileile ikibaki imeandikwa kwenye 2A/B na pia kwenye 2C, Mfuko unadaiwa mara mbili kwa vidonge vilivyomezwa mara moja. Mgonjwa mwenye karatasi zote mbili mkononi anaweza kuona hilo kwa kuzitazama pamoja.

Bado kuna fedha iliyotoka mfukoni mwa mwalimu, na ajabu yake ni kwamba haionekani kwenye fomu yoyote. Daktari alimshauri anunue dawa ya vitamini ambayo, katika mfano wetu, haimo kwenye kitita, naye akalipa 6,000 taslimu. Taarifa ya malipo inasema sehemu ya mgonjwa ni sifuri. Ni kweli kwa dai hilo, lakini siku hiyo imemgharimu 6,000, mbali na nauli. Anayetaka kujua bima yake inambeba kiasi gani kwa mwaka lazima atunze risiti za nje ya kitita pembeni, kwa kuwa hakuna atakayemkusanyia.

Safu ya kilichokubaliwa ilileta mtikisiko nchini mwaka 2024. Kitita kipya kilianza kutumika tarehe 1 Machi, na baadhi ya hospitali binafsi zikaacha kupokea kadi za NHIF zikisema bei mpya hazizitoshi, hadi mazungumzo na serikali yalipofanyika. Mvutano ulikuwa juu ya tofauti ileile kati ya 37,400 na 30,400, ikizidishwa kwa maelfu ya wagonjwa. Katika taarifa ya mtu mmoja tofauti hiyo haimuumizi mgonjwa. Inamuuma pale kituo kinapoona imezidi na kufunga dirisha.

Kaya za wakulima wa mpunga zilizojiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa hazina haja kubwa ya somo hili. Cha kuangalia kwao ni tarehe ya mwisho ya uanachama na majina ya wategemezi.

Anayehitaji macho makali zaidi ni mwenye bima binafsi ya kazini. Huko makato yanaweza kumwangukia mwanachama, kwa kuwa mkataba una ukomo wa mwaka, huduma zilizoachwa nje, na pengine sehemu ya kuchangia kila anapotibiwa. Wapo pia wanaotibiwa kwenye kituo kisicho kwenye orodha ya kampuni, labda Malinyi au Mlimba, wakalipa taslimu kisha wakaomba kurudishiwa. Hawa ndio hupata taarifa inayokaribiana na ile ya Kimarekani.

Mfano, wa kutunga tena: mtu amelipa 80,000 na kurudishiwa 52,000. Asikimbilie kulalamika kuhusu 28,000 kwa mkupuo, azigawe kwa sababu zilizoandikwa. Tuseme 10,000 ni zaidi ya bei inayokubaliwa na kampuni. Kituo hakikuwa na mkataba nayo, kwa hiyo hapa tofauti ya bei ni yake mwenyewe, kinyume na mwalimu wa Mang'ula. Nyingine 8,000 ni mchango wake wa kila matibabu uliomo kwenye mkataba. Hizo mbili hazina rufaa. Zinabaki 10,000 zilizokataliwa kwa maelezo kwamba kipimo hakina cheti cha daktari. Hilo ni pengo la karatasi tu. Akirudi kituoni akapata cheti chenye jina, tarehe na muhuri, akakiwasilisha kabla ya muda uliowekwa na mkataba, dai linafunguliwa upya. Halafu aangalie mstari wa salio la ukomo wa mwaka: unapaswa kupungua kwa 52,000 zilizolipwa, na ukionekana umepungua kwa 80,000, kampuni imemhesabia fedha ambazo haikuzitoa.